Nakala Ipo, Lakini Itarudi? Kisa cha Pendekezo la Tasnifu Kuhusu Programu za Kikombozi

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa uzamili katika fani ya usalama wa mifumo ya kompyuta, aliyetaka kuandika tasnifu kuhusu namna taasisi ndogo zinavyojikinga na programu za kikombozi, yaani zile zinazoingia kwenye mtandao wa ofisi, kuyasimba mafaili yasisomeke, kisha kudai malipo ili yafunguliwe. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa pili. Kila kinachoweza kumtambulisha yeye, chuo au taasisi zilizohusika kimeondolewa, na idadi chache zimebadilishwa pale ambapo mabadiliko hayaharibu hoja. Mwenyewe ameisoma taarifa hii na ameridhia.

Kabla ya kurudi masomoni alikuwa fundi wa kompyuta wa kuzunguka. Ofisi zenye watu wanane, kumi na wawili, ishirini zilimwita printa ikigoma au kompyuta mpya ikihitaji kufungwa. Asubuhi moja mteja wake mmoja alimpigia simu: kila faili kwenye seva lilikuwa limepewa jina refu lisiloeleweka, na kwenye kila folda kulikuwa na ujumbe wa kudai pesa. Diski ya nakala rudufu ilikuwa imechomekwa kwenye seva hiyohiyo usiku kucha, nayo ikasimbwa pamoja na vingine vyote.

"Nakala walikuwa nazo, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza tulipokutana. "Mimi ndiye niliyeziweka."

Tasnifu nzima ilikuwa ndani ya maneno hayo, lakini ilituchukua miezi mitano kuyarudia, maana rasimu yake ya kwanza haikuyataja kabisa.

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa na kurasa 31, na kichwa chake kilikuwa "Mikakati ya Kukabiliana na Programu za Kikombozi katika Taasisi Ndogo". Kurasa 12 zilikuwa historia: diski zilizosambazwa kwa posta mwaka 1989, nadharia ya Young na Yung ya mwaka 1996 kuhusu kuutumia usimbaji kama silaha, WannaCry ya Mei 2017. Hakuna kosa katika hayo, ila hakuna hata moja lililoongoza kwenye swali lake. Msomaji alimaliza ukurasa wa 12 akijua programu hizi zilitoka wapi, asijue mwandishi anataka kupima nini.

Maswali ya utafiti yalikuwa matatu. La kwanza liliuliza kiwango cha tishio katika taasisi ndogo ni kipi. La pili, ni hatua zipi za kujikinga zinazofaa. La tatu, ni mfumo gani wa kujikinga unaoweza kubuniwa kwa ajili ya taasisi hizo. Mbinu ilikuwa hojaji yenye vipengele 40, kila kimoja kikijibiwa kwa mizani ya ngazi tano, kwa taasisi 200. Hiyo 200 ilitoka kwenye kanuni ya Yamane, ambayo wanafunzi wengi huinakili bila kuiuliza lolote:

```
n = N / (1 + N·e²)
n = 400 / (1 + 400 × 0.05²) = 400 / 2 = 200
```

Nilipomuuliza 400 imetoka wapi, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni makadirio. Hakukuwa na orodha ya taasisi ndogo ambayo mtu angeweza kuchagua kutoka humo kwa bahati nasibu, na kanuni ile haina maana bila orodha ya namna hiyo. Nilimwachia aende na rasimu hiyo kwenye jopo. Nikiangalia nyuma, huo ulikuwa uvivu wangu: nilijua kuna kasoro, nikadhani jopo litamweleza vizuri kuliko mimi.

Jopo lilichosema

Jopo lilikataa, na kwa sababu ambayo si mimi wala msimamizi mkuu tuliyeiona. Sisi tulitarajia ugomvi juu ya sampuli. Mjumbe mmoja, mtakwimu asiyejua lolote kuhusu usalama wa kompyuta, aliliacha suala la sampuli na kuuliza jambo jepesi zaidi: ukipata hojaji zako zote 200 zimejazwa vizuri, utajuaje hatua ipi inafaa?

Mwanafunzi akajibu kwamba angelinganisha taasisi zilizoshambuliwa na zisizoshambuliwa, aone waliosalimika walikuwa na nini.

Mtakwimu akachukua kalamu. Tuseme, alisema, taasisi moja kati ya ishirini hushambuliwa kwa mwaka. Namba hii ni ya mfano tu. Katika 200 utapata kumi. Kati ya hizo kumi, baadhi hazitakiri, kwa sababu hakuna ofisi inayopenda kumwambia mgeni kwamba ililipa wezi. Nyingine zitakuwa zimefunga milango na hazitakuwepo kwenye sampuli kabisa, na hizo ndizo zilizoumia zaidi. Zitabaki tano au sita. Unataka kulinganisha hatua 40 za kujikinga kwa kutumia matukio sita?

Kisha akaongeza la pili, ambalo kwangu ndilo lililolimaliza swali. Taasisi iliyoshambuliwa mwaka jana, leo ina nini? Ina uthibitisho wa hatua mbili, ina nakala mpya, ina mafunzo kwa wafanyakazi, kwa sababu iliungua. Ile ambayo haijawahi kuguswa bado inatumia nenosiri moja kwa kompyuta zote. Hojaji inayopiga picha ya siku moja itaonyesha kwamba wenye kinga nyingi ndio walioshambuliwa zaidi. Ukiandika hitimisho kutokana na jedwali hilo, utawashauri watu waache kujikinga.

Mwanafunzi alitoka pale amenyong'onyea. Mimi nilitoka nikiwa na aibu, kwa sababu hesabu ile ilihitaji dakika tatu na kipande cha karatasi.

Kutafuta kitu kinachopimika

Wiki iliyofuata alikuja na pendekezo la kuiokoa rasimu kwa kuongeza sampuli hadi 1,000. Tulikataa, maana ukubwa wa sampuli hauondoi tatizo la pili, bali huufanya upotofu uonekane wa uhakika zaidi. Akapendekeza pia aendeshe programu halisi ya kikombozi kwenye maabara na kuona ni kinga ipi inaizuia. Hilo lingewezekana kiufundi, lakini lingejibu swali kuhusu programu ya kujikinga. Taasisi ndogo isingeonekana popote ndani yake, kwa sababu maabara haina karani anayetoka saa kumi na moja akisahau kuchomoa diski.

Msimamizi mkuu ndiye aliyegeuza mazungumzo. Alimwomba asimulie tena ile asubuhi ya mteja wake, taratibu, na kila alipofika mahali fulani alimkatiza kwa swali lilelile: hapa, ungekuwepo siku moja kabla, ungeweza kuona nini kwa macho?

Mlango walioingilia, je? Ilionekana ni huduma ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, iliyoachwa wazi kwenye intaneti kupitia mlango 3389. Hilo lingeonekana siku moja kabla, lakini kwingine wezi huingia kwa barua pepe ya hadaa, kwingine kwa kifaa cha mtandao kisichosasishwa. Ukichagua mlango mmoja unapima bahati.

Wizi wa data kabla ya kusimba, je? Tangu mwishoni mwa mwaka 2019, kundi lililojiita Maze lilipoanza kuchapisha data za waliokataa kulipa, makundi mengine yaliiga. Lakini siku moja kabla, hakuna cha kuona.

Na nakala? Hapo mwanafunzi akasita. Diski ilikuwa imechomekwa, na mtu yeyote angeiona. Jingine, tangu aifunge hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha hata faili moja kutoka humo. Hilo nalo lingeonekana, kwa kuuliza tu. Lakini lingeonekana vizuri zaidi kwa kujaribu.

Hapo ndipo tulipopata kitu. Shambulio ni tukio la nadra, la siri, na haliji kwa ratiba ya muhula. Kurejesha data kunaweza kufanyika Jumanne yoyote, mbele ya mtafiti, kwa saa ya mkononi. Hatuwezi kupima kama taasisi itasalimika, lakini tunaweza kupima kama inachokiamini kuhusu nakala zake ni kweli.

Pengo lililoandikwa upya

Rasimu ya kwanza ilikuwa na ile sentensi ninayoikuta karibu kila mwaka: "hakuna utafiti uliofanywa kuhusu jambo hili". Ni sentensi ya hatari kwa sababu mjumbe mmoja tu akiwa amesoma makala moja, umeshaanguka. Tulimwomba aiondoe na badala yake aeleze yale machapisho aliyoyakusanya yalipima nini. Alitengeneza jedwali la safu mbili, chapisho upande mmoja na chanzo cha data upande wa pili. Safu ya pili ilijaa neno hojaji. Karibu yote aliyokuwa nayo yaliuliza taasisi kama zina nakala, na yakalichukua jibu la "ndiyo" kama kinga.

Akaongeza jambo moja alilolipata mwenyewe, nami nililifurahia sana. Vidhibiti vya CIS, yaani orodha ya hatua za usalama inayotolewa na shirika la Center for Internet Security, katika toleo la 8 la mwaka 2021, vina kundi la kwanza la hatua 56 zilizokusudiwa kuwa kiwango cha chini kwa kila taasisi, hasa ndogo. Kifungu cha 11 kinahusu kurejesha data na kina hatua tano. Nne za kwanza zimo katika kundi hilo: kuwa na utaratibu, kuweka nakala zinazojiendesha zenyewe, kuzilinda, na kuwa na nakala iliyotengwa. Ya tano, 11.5, ni kujaribu kurejesha, nayo imeachiwa kundi la pili, yaani taasisi kubwa kidogo zenye watu wa kazi hiyo. Kwa hiyo taasisi ndogo inaweza kutimiza kiwango chake chote bila kuwahi kujua kama nakala zake zinarudi.

Uamuzi wa waandishi wa vidhibiti una sababu, maana lazima mstari uchorwe mahali fulani. Lakini kwa mwanafunzi anayetafuta pengo, lile lilikuwa pengo lenye anwani. Aya mbili zikachukua nafasi ya kurasa 12 za historia.

Jaribio la awali

Kabla ya kuandika mbinu tulimtaka aende mahali pamoja akajaribu. Alipata ofisi ya watu 11 inayoshughulikia hesabu za wateja. Mwenye ofisi alimhakikishia mambo matatu: nakala huchukuliwa kila usiku, zipo sehemu mbili, na wakipigwa watarudi kazini "kabla ya chakula cha mchana". Mwanafunzi aliyaandika madai hayo neno kwa neno kabla ya kugusa chochote, na utaratibu huo ulibaki hadi mwisho: madai kwanza, jaribio baadaye.

Nakala ya usiku ilikuwa amri moja iliyopangwa na fundi aliyekwisha kuondoka:

```
robocopy D:\Kazi E:\Nakala /MIR /R:1 /W:1 /LOG+:C:\nakala.txt
```

Tatizo la kwanza lilikuwa ndani ya amri yenyewe. `/MIR` huifanya folda ya nakala ifanane kabisa na ya asili, ikiwa ni pamoja na kufuta kule kilichofutwa huku. Programu ya kikombozi ikiyasimba mafaili usiku na kuyabadilisha majina, mzunguko unaofuata wa amri hiyo utaingiza mafaili yaliyosimbwa na kuyafuta yale mazima. Hata kama wezi hawakuiona diski E, ofisi ingejiharibia nakala yenyewe, kwa ratiba.

La pili lilikuwa kwenye faili la kumbukumbu, ambalo hakuna aliyelifungua kwa miezi mingi. Mstari mmoja ulijirudia kila usiku, ukihusu hifadhidata ya programu ya hesabu:

```
ERROR 32 (0x00000020) Copying File D:\Kazi\Hesabu\data.mdb
The process cannot access the file because it is being used by another process.
```

Kompyuta moja ilikuwa haizimwi, programu ya hesabu ilibaki wazi, na faili lililoshikwa halikunakiliwa. Nakala za barua, za mikataba, za picha za sherehe ya ofisi zote zilikuwa salama. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu ambacho ofisi ile isingeweza kuishi bila hicho.

Sehemu ya pili ilikuwa huduma ya kuhifadhi mtandaoni, gigabaiti 400. Laini yao ilipakua megabiti 20 kwa sekunde. Alipiga hesabu mbele ya mwenye ofisi: gigabaiti 400 ni megabiti 3,200,000, ukigawanya kwa 20 unapata sekunde 160,000, yaani saa 44 na dakika kadhaa, kama laini haitakatika na hakuna mwingine anayeitumia. Mwenye ofisi alitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza, "Chakula cha mchana cha siku gani?"

Jaribio la awali lilibadilisha mbinu kwa namna ambayo mimi nisingeiwaza mezani. Mwanafunzi alikuwa amepanga kupima muda tu. Sasa alijua kwamba muda bila orodha ya kilichorudi haumaanishi kitu, na kwamba orodha bila kujua kipi ndicho uti wa mgongo wa ofisi haimaanishi kitu pia.

Maswali na mbinu katika rasimu ya pili

Maswali yakawa mawili. La kwanza: kuna tofauti gani kati ya uwezo wa kurejesha data ambao taasisi ndogo inaudai na ule unaoonekana katika jaribio la kurejesha? La pili: tofauti hiyo inatokana na nini katika jinsi kazi ya nakala ilivyopangwa, ilivyokabidhiwa na inavyokaguliwa? Alitaka la tatu, kuhusu mabadiliko gani yanaipunguza tofauti hiyo katika jaribio la pili. Tulibishana. Ni swali zuri, lakini linadai kurudi kila mahali baada ya miezi mitatu, na yeye alikuwa na muhula mmoja wa kukusanya data. Tukaliacha.

Taasisi ndogo ilifafanuliwa kwa masharti mawili: wafanyakazi chini ya 50, na hakuna mtu ambaye usalama wa mifumo ndiyo kazi yake pekee. Sharti la pili lilikuwa muhimu kuliko la kwanza, kwa sababu ofisi ya watu 15 yenye mhandisi wa usalama si kundi lake.

Mbinu ilikuwa visa vingi vinavyolinganishwa, taasisi 8, zilizochaguliwa kwa makusudi ili zitofautiane katika jambo moja: nani anashika kazi ya nakala. Zingine zina mfanyakazi anayejua kidogo kompyuta, zingine fundi wa nje, zingine hutegemea huduma ya mtandaoni peke yake. Hakudai kuwakilisha taasisi zote, bali kueleza namna kasoro inavyozaliwa, na aliliandika hilo waziwazi kwenye ukurasa wa mbinu badala ya kulificha kwenye mipaka ya utafiti.

Katika kila taasisi kungekuwa na hatua nne. Kwanza usaili wa mwenye taasisi, unaoandika madai: nakala ya mwisho ni ya lini, iko wapi, kurejesha kutachukua muda gani, na ni mafaili yapi ambayo wakiyakosa kazi inasimama. Kisha usaili wa anayeshika nakala, kwa maswali yaleyale, bila kumwonyesha majibu ya kwanza. Hatua ya tatu ni jaribio: mafaili 20 yanarejeshwa kwenye kompyuta ya pembeni isiyounganishwa na mtandao wa ofisi wakati wa ukaguzi, matano yakiwa yale yaliyotajwa kuwa ya lazima na 15 yakichaguliwa kwa bahati nasibu. Ya nne ni kusoma mipangilio na kumbukumbu, kuona kama akaunti ya kawaida ya ofisi ina ruhusa ya kufuta nakala. Anasoma ruhusa tu, hajaribu kufuta.

Swali gumu lilikuwa namna ya kujua kwamba faili lililorudi ni zima. Kufunguka peke yake hakutoshi, kwa kuwa faili la hesabu linaweza kufunguka likiwa la mwaka juzi. Kulinganisha na faili la sasa pia kunadanganya, kwa sababu faili linalofanyiwa kazi kila siku litatofautiana na nakala ya jana bila kosa lolote. Suluhisho lake lilikuwa kuyagawa. Kwa mafaili 15 ya bahati nasibu, angechagua kutoka kwenye yale ambayo hayajabadilishwa tangu kabla ya nakala ya mwisho, kisha alinganishe alama za vidole vya kidijitali za pande zote mbili:

```
Get-FileHash D:\Kazi\mkataba.pdf -Algorithm SHA256
Get-FileHash F:\Rejesho\mkataba.pdf -Algorithm SHA256
```

Zikifanana, faili ni lilelile. Kwa yale matano ya lazima, ambayo kwa kawaida hubadilika kila siku, mtumiaji mwenyewe angelifungua, atafute ingizo la mwisho analolikumbuka, na tarehe ya ingizo hilo ndiyo ingeandikwa kama umri halisi wa nakala. Njia hii haina usahihi wa hisabati, na alilikubali hilo. Lakini inapima kile ambacho ofisi ingekihisi.

Uchambuzi ungeanza na jedwali la kila taasisi, dai upande mmoja na kilichoonekana upande wa pili, kisha usaili ungesomwa kutafuta chanzo cha kila tofauti. Hakuna takwimu za kukisia. Mtakwimu wa jopo, ajabu, ndiye aliyependezwa zaidi na uamuzi huo.

Kamati ya maadili

Sehemu hii ilituchelewesha wiki saba, na nusu ya ucheleweshaji ilikuwa halali. Mtafiti anayefanya jaribio hili anatoka na orodha ya udhaifu wa taasisi nane. Daftari lake likiibwa, ameandika ramani ya wezi. Kamati ilidai majina yabadilishwe kwa namba siku hiyohiyo, funguo ya namba itunzwe kando, na kumbukumbu zote ziwekwe kwenye diski iliyosimbwa.

Walichouliza ambacho hatukuwa tumekifikiria ni hiki: ukigundua kasoro, unanyamaza ili usiharibu data yako, au unasema? Tulijibu kwamba atasema, siku hiyohiyo, baada ya jaribio kumalizika. Kwa kuwa swali la tatu lilishaondolewa, kusema hakuharibu chochote. Laiti tungelishikilia swali lile, tungejikuta tunapanga kuiacha ofisi na nakala mbovu kwa miezi mitatu ili tupate namba.

Kulikuwa pia na suala la fundi wa nje. Mwenye ofisi akiridhia, je, fundi ameridhia? Kazi yake ndiyo inayokaguliwa. Fomu ya pili ya ridhaa iliandikwa kwa ajili yake, ikieleza kwamba taarifa kwa mwenye taasisi itataja kasoro na namna ya kuirekebisha, bila kumtaja aliyeisababisha. Mwanafunzi aliiandika fomu ile mwenyewe, mara nne. Nadhani alijua anaandikia nani.

Matokeo

Rasimu ya pili ilikuwa na kurasa 19. Jopo liliipitisha kwa masahihisho madogo, na mjadala ulidumu dakika arobaini, mwingi wake ukiwa juu ya namna ya kuchagua mafaili.

Kupata taasisi kulikuwa kugumu kuliko tulivyoandika. Alizifikia 14. Sita zilikubali. Tatu hazikujibu kabisa, na tano ziliafiki usaili lakini zikajitoa zilipoelezwa jaribio la kurejesha, moja ikisema wazi kwamba haitaki kujua. Pendekezo liliahidi nane, ikabidi liandikiwe nyongeza na kurudishwa kwa msimamizi wa programu.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni lile zoezi la kumsimulisha tukio moja na kumkatiza kwa swali la nini kingeonekana siku moja kabla. Lilitenganisha vitu vinavyotisha na vitu vinavyopimika, na kwenye mada hii viwili hivyo hukaa mbali. Jaribio la awali lilifaa karibu sawa. Bila lile faili la `.mdb`, mbinu ingehesabu mafaili yaliyorudi na kuipa ofisi ile alama za juu.

Kuondoa swali la tatu bado kunanisumbua. Tulikuwa sahihi kwa ratiba na kwa maadili, lakini tasnifu itaeleza ugonjwa bila dawa, na taasisi zilizofungua milango zilitarajia dawa.

Kilichokwama waziwazi ni sampuli. Waliokubali jaribio ni wale wanaojiamini, au angalau wasioogopa kujua. Wale watano waliojitoa huenda ndio wenye tofauti kubwa zaidi kati ya dai na hali halisi, na mbinu yetu haina namna ya kuwafikia. Mwanafunzi alipendekeza kujitoa kwenyewe kuandikwe kama data: nani alijitoa, katika hatua ipi, kwa maneno gani, kwa ridhaa yao. Watatu kati ya hao watano waliruhusu. Hilo halikuwa kwenye pendekezo, lakini lingepaswa kuwamo tangu mwanzo, kwa sababu mtafiti yeyote anayekwenda kwenye ofisi ndogo na kuomba kuona nakala zikirudi atakutana na mlango unaofungwa, na kufungwa huko kunasema jambo.

Kosa langu mwenyewe nimeshalitaja: nilimpeleka jopo nikijua. Msimamizi mkuu alikuwa na maoni tofauti, kwamba kipigo kile kilimfanya aachie hojaji ambayo vinginevyo angeing'ang'ania. Hatujakubaliana.

Ile ofisi ya jaribio la awali ilimwita tena mwanafunzi baada ya wiki mbili, safari hii kama fundi. Alikataa kulipwa, kwa sababu za kimaadili alizozieleza kirefu mno, lakini aliwaandikia kwenye karatasi moja mambo ya kumwambia fundi wao mpya: weka `/E` badala ya `/MIR`, zima programu ya hesabu kabla ya nakala ya usiku, weka diski mbili zinazobadilishana na moja iwe haijachomekwa. Chini kabisa akaongeza tarehe ya kujaribu kurejesha, na nafasi ya sahihi ya mtu atakayelifungua faili la hesabu na kusoma ingizo la mwisho.